Kushusha egi hakuponyi S

Ujumbe ni uleule, anayebadilika ni mtumaji tu. Safari hii ulitoka kwa kijana wa hapa Goma, upande wa Ndosho, anayerekodi matangazo ya redio: "Yaya, nimeshusha egi yote lakini S bado inachoma. Besi nayo nimekata, bado inavuma. Nifanye nini?" Egi ndiyo trebo, yaani sauti za juu, kwa wasomaji wa ng'ambo ya mpaka. Nikavaa hedfoni, nikafungua faili. Msomaji wa tangazo alisikika kama anaongea ndani ya blanketi, na kila baada ya maneno mawili S inatoboa blanketi kama sindano.

Alikuwa amefanya kile wanachofanya wote: kuanzia hezi 5,000 kwenda juu ameteremsha desibeli 8, na chini amekata kila kitu kilicho chini ya hezi 200. Nimelieleza jambo hili studio mpaka mate yamekauka. Sasa naliandika, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Ekwalaiza, kifaa alichotumia kushusha na kukata, haijui herufi. Ukiiambia ishushe hezi 6,000, itashusha kwenye S, itashusha kwenye A, itashusha hata pale msomaji anapovuta pumzi. S yenyewe inaishi kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha imeondoka. Kwa ajili ya mwizi mmoja umefunga mtaa mzima. Na kwa kuwa vokali nazo zimepoteza mng'ao, katika eneo hilo S inabaki vilevile juu ya majirani zake. Ndiyo maana unazidi kushusha, nayo bado inachoma.

Di-esa ni kitu kingine. Ni kompresa inayosikiliza eneo moja tu: S ikivuka kizingiti inabanwa, ikipita inaachiwa, na A inayofuata haiguswi. Kwa mwanaume naanza kutafuta kati ya hezi 5,000 na 7,000, kwa mwanamke mara nyingi napanda zaidi. Nyingi zina kitufe cha kusikiliza eneo lile peke yake. Kibonyeze, sogeza mpaka usikie S zimejaa na vokali karibu zimetoweka. SH hukaa chini zaidi, hivyo di-esa iliyowekwa kwa ajili ya "sasa" inaweza kuipita "shuka" bila kuiona. Usipanue eneo ili unase zote mbili, utabana na uwazi wa maneno. Weka ya pili kama kweli SH inasumbua. Mara nyingi haisumbui.

Sasa pale panaponiudhi. Kijana akishaijua di-esa, anaibana mpaka S inakufa. Tangazo lenyewe lilikuwa la fundi wa viti na makabati, na aliyeandika maneno amesoma Tanzania: "Samani za kisasa, samani zenye thamani." Nilipobana desibeli 10 kwa majaribio, "samani" ikatoka "thamani", na sentensi nzima ikawa thamani zenye thamani. Kiswahili kina TH yake, tena yenye maana yake, kwa hiyo hapa kubana kupita kiasi hakumpi msomaji kitembe tu, kunampa neno jingine. (Najua wengi wetu huku husema "samani" kwa yote mawili. Msomaji huyu anatofautisha, na fundi wa viti alikuwa analipa.) Nikarudi kwenye desibeli 4 hadi 5 kwa S kali, na sifuri kwa zile za kawaida. Kama taa ya di-esa inawaka kila neno, kizingiti chako kiko chini mno.

Lakini di-esa ilikuja mwisho. Kwanza nilimwomba faili mbichi, kisha nikashughulikia mvumo, kwa sababu besi na S ziko kwenye mzani mmoja. Ukipunguza mvumo, masikio yataona S zimepanda ingawa hujazigusa. Ukiweka di-esa kwanza utarudi kuiweka upya.

Mvumo wa kijana huyu ulikuwa na mama wawili. Wa kwanza ni mdomo kukaa karibu mno na mikro: mikro inayosikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri unavyoisogelea. Alikuwa sentimita 5. Sentimita 15 hadi 20, na mikro ikigeuzwa kidogo isitazame mdomo moja kwa moja, zingeondoa nusu ya mvumo na baadhi ya S bure.

Wa pili ni kile chumba chake cha mbao, upana mita 1.2. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya 343 kwa upana mara mbili, yaani 2.4, unapata karibu 143. Hapo chumba kinaimba chenyewe. Sikiliza sasa: msomaji akimalizia sentensi sauti yake inashuka kwenye hezi 100 na hakuna shida. Akipandisha neno, "MEza", "KAbati", anafika 140 na chumba kinamwitikia. Ndiyo maana mvumo unakuja na kuondoka, na ndiyo maana kukata kila kitu chini ya 200 hakukusaidia: aliondoa kifua cha msomaji mzima, akabaki na sauti ya simu, huku mvumo ukitoa kichwa juu ya mteremko wa filta.

Nilichofanya: kukata chini ya hezi 75, kuondoa mtetemo wa jenereta ya jirani ambao haukuwa sauti ya mtu. Kisha kushusha desibeli 4 kwenye 143, kwa upana wa wastani, Q karibu 2. Watakwambia unyanyue desibeli 12, utembeze mpaka usikie ubaya. Mimi siiamini sana njia hiyo, maana kitu chochote ukikinyanyua desibeli 12 kinakuwa kibaya. Nikiwa na vipimo vya chumba naanza na hesabu. Na nikiri: desibeli 4 zile zimepunguza hata maneno yasiyo na kosa. Ekwalaiza inayofuata sauti, inayobana eneo lile pale tu linapovimba, ingefaa zaidi. Siku hiyo nilikuwa na haraka.

Baada ya hapo kompresa, kisha di-esa. Kompresa inabana vokali nzito, halafu unapopandisha yote, S zinapanda nazo. Vitabu vinabishana juu ya nani atangulie. Nimejaribu yote mawili, na kuna sauti ambazo nimeweka di-esa mbele na nyuma kidogo kidogo. Sina kanuni. Kwa tangazo la sekunde 30 naweza hata kuiacha di-esa kabisa: nakata kila S kwa mkono na kuishusha desibeli 5. Dakika kumi, na hakuna mashine inayokosea.

Kwa redio ya FM bana kidogo zaidi ya masikio yako yanavyotaka, kwani mtambo hunyanyua sauti za juu kabla ya kurusha, na S iliyotulia kwenye hedfoni inagonga limita, kizuizi cha sauti zinazozidi, na kutoka ikitema mate.

Ilibaki S moja, ya "usisahau". Inapiga mluzi. Msomaji ana mwanya, tena mzuri, na mluzi wake ni mwembamba, karibu hezi 6,400, di-esa inaupita tu. Niliukata kwa mkono kwenye S hiyo peke yake, na bado ukiusubiri unausikia.