Vitabu kumi na viwili si wiki kumi na mbili

Kozi yangu ya riwaya ya Kiswahili ilianza na orodha ya vitabu 12, na muhula una wiki 12 za kufundisha. Basi nikagawa kitabu kimoja kwa wiki, kwa kufuata mwaka wa kuchapishwa. Kufikia wiki ya nne waliokuwa wakichangia darasani ni wawili tu, wale waliowahi kumaliza kusoma.

Siku hizi naanzia mwisho. Naandika kwanza kazi ya wiki ya 12: insha ya kulinganisha jinsi waandishi wawili wanavyomchora mtu anayegongana na jamii yake. Halafu nakishika kila kitabu na kujiuliza kitamfaa nini mwandishi wa insha hiyo. Vilibaki sita. Vingine nikaviweka kwenye usomaji wa ziada.

Hapo napima muda, tena kwa saa wala si kwa unene wa kitabu. Nasoma kurasa kumi na penseli mkononi, kama mwanafunzi. Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni nyembamba, lakini mafumbo yake hukurudisha nyuma kila ukurasa. Nikaipa wiki mbili. Kuli ya Adam Shafi husomeka kwa wepesi zaidi ila ni ndefu, nayo ikapata wiki mbili, ya 5 na ya 6.

Lengo la Kuli niliwahi kuliandika hivi: "Kuelewa utabaka." Sikuwa na njia ya kujua nani ameelewa. Sasa linasema: mwanafunzi aweze kuonyesha, kwa vifungu vya riwaya yenyewe, jinsi Rashidi anavyobadilika kutoka kibarua wa bandarini Unguja hadi mtu anayesimama na wenzake katika mgomo.

Wiki ya 5 wanasoma nusu ya kwanza, na kazi yao ni kuchagua kifungu kimoja kinachoonyesha Rashidi anavyowatazama wakubwa wake, kisha kueleza kwa mistari mitano ni neno gani limewaonyesha hivyo. Wiki ya 6 wanamaliza kitabu pamoja na kurasa chache za historia kuhusu mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948. Hapo wanaleta kifungu cha pili, wanakiweka kando ya kile cha kwanza na kueleza kilichobadilika. Kazi hunifikia jioni ya kuamkia kipindi. Nikiona karibu wote wameleta tukio lile lile la mgomo, najua wamerukia mwisho, na kipindi nakianzia katikati ya kitabu.

Kabla ya kugawa mpango, nalifunika lengo la kila wiki kwa karatasi na kumpa mwenzangu asome matini na kazi peke yake, abashiri lengo ni lipi. Akikosea, naibadilisha kazi kwanza. Mara nyingi lengo lilikuwa sawa, kazi ndiyo iliyokuwa ikiuliza jambo jingine.