Kadi ya alama ya mhudumu wa simu: simu moja, alama 85 au 55?

Kadi ya alama ni fomu anayoijaza mkaguzi wa ubora huku akisikiliza simu iliyorekodiwa kati ya mhudumu na mteja. Fomu hiyo ina vipengele, kila kipengele kina alama zake, na mwishoni hupatikana jumla, kwa kawaida kati ya 0 na 100. Karibu kadi zote hupima mambo matatu: kama mhudumu alisema na kufanya yaliyo sahihi, kama alimhudumia mteja kwa adabu, na kama tatizo lililomfanya mteja apige simu limeisha. Wengi huiita tu fomu ya tathmini, nami nitachanganya majina hayo mawili.

Ukiielewa hivyo unaweza kudhani kadi ni mizani, kwamba unaweka simu juu yake unasoma uzito. Sivyo. Aliyeitunga kadi ameshaamua, kabla simu yoyote haijasikilizwa, kosa lipi liume na lipi lipite. Nitaeleza kwa simu moja.

Mama mmoja amelipia intaneti ya nyumbani, siku imepita, huduma haijarudi. Mhudumu anapokea vizuri, anajitambulisha, anauliza jina na maswali ya kuthibitisha kwamba anaongea na mwenye akaunti. Anafungua akaunti na kuona hakuna malipo yaliyoingia. Dakika ya pili mama anasema, "Mbona meseji ya malipo ninayo hapa, namba niliyolipia ni hii inayoishia na 47." Mhudumu anajibu, "Sawa mama, ngoja niangalie," anaomba ruhusa ya kumsubirisha, anarudi baada ya muda mfupi, anamshukuru kwa kusubiri. Kisha anamwambia malipo wakati mwingine huchelewa, avute subira saa 24 yatasoma yenyewe. Anaandika maelezo kwenye mfumo, anauliza kama kuna jambo lingine, anaagana vizuri kabisa.

Akaunti iliyokuwa mbele yake inaishia na 74. Mama aligeuza tarakimu mbili, hela zikaenda kwenye akaunti ya mtu mwingine. Hata angesubiri saa 240 zisingerudi zenyewe. Alichopaswa kufanya mhudumu ni kuomba asomewe namba yote iliyo kwenye meseji, kuilinganisha na akaunti, halafu kufungua tiketi, yaani ombi la kazi linaloandikwa kwenye mfumo, ya kuhamisha malipo iende kwa watu wa hesabu.

Sasa ijaze fomu. Kadi niliyoanza nayo kazi ilikuwa na vipengele 20, kila kimoja alama 5. Tisa vilikuwa vya adabu: salamu, kujitambulisha, kutaja jina la mteja, kutomkatiza, sauti, kuomba ruhusa ya kumsubirisha, kumshukuru kwa kusubiri, kuuliza kama kuna la ziada, kuagana. Sita vilikuwa vya usahihi na vitano vya utatuzi. Simu ya huyu mama inapoteza vipengele vitatu tu: taarifa sahihi, kutambua tatizo halisi, na kuchukua hatua inayofaa. Alama 85. Kiwango cha kufaulu kilikuwa 80, kwa hiyo mhudumu amefaulu, na mama yuko gizani bila intaneti akisubiri hela zilizokwenda kwingine.

Ichukue simu hiyo hiyo uiweke kwenye kadi yenye uzito tofauti. Usahihi una 40: kuthibitisha mteja 10, taarifa sahihi 20, kumbukumbu kwenye mfumo 10. Adabu ina 30. Utatuzi una 30: kutambua tatizo 10, hatua inayofaa 15, kuhakikisha na mteja kabla ya kuagana 5. Hapa mhudumu anakosa 20, 10 na 15, yaani 45. Anabaki na 55. Hajabadilika mhudumu wala mteja, na rekodi ni ile ile. Kilichobadilika ni jibu la swali: jambo hili lina thamani gani kwa aliyepiga simu?

Ndiyo maana, ukipewa kadi ya alama, usianze kusoma vipengele. Jumlisha kwanza alama za kila kundi. Adabu ni rahisi kuigawa vipande vingi vidogo, na kila kipande hudai alama zake, hivyo kadi yenye alama sawa kwa kila kipengele huelemea adabu hata kama hakuna aliyekusudia.

Zipo pia simu ambazo uzito hautoshi kuzieleza. Mhudumu akitaja salio au anwani ya mteja kabla ya kuthibitisha anaongea na nani, amekosa alama 10 tu, lakini huenda ametoa siri ya mtu kwa mwizi. Kadi nyingi hushughulikia hili kwa kosa la kuangusha simu nzima: likitokea, jumla inakuwa 0. Naona ni sawa makosa hayo kuwa na adhabu yake, ila yawe machache sana, na yahesabiwe kwenye safu yake pembeni ya alama ya kawaida. Ukiandika 0 peke yake umefuta kila kitu kingine ulichokisikia, na mwezi ujao hutajua kama mhudumu yule ana shida ya taarifa, ya lugha, au alisahau uthibitisho siku moja tu.

Adabu ndiyo sehemu inayogombanisha wakaguzi. Kipengele kikiandikwa "alikuwa mkarimu", wakaguzi watatu watatoa alama tatu, kwa sababu kila mmoja ana sikio lake na malezi yake. Andika kinachosikika kwenye rekodi: alimwacha mteja amalize sentensi, hakukaa kimya muda mrefu bila kusema anafanya nini, aliomba ruhusa kabla ya kumsubirisha. Mambo haya unaweza kuyaonyesha kwa dakika na sekunde.

Lakini hapo napo pana mtego, na nimeuona ukinasa watu wazuri. Kadi iliyotaka "ametoa pole" ilizaa pole za kukariri. Mteja anasema, "Hii ni mara ya tatu napiga," mhudumu anajibu, "Pole sana kwa usumbufu, naomba namba ya akaunti." Pole imetajwa, alama imepatikana, na mteja anasikia kabisa kwamba hakusikilizwa. Tulipokiandika upya kipengele kile kikawa "amegusa jambo ambalo mteja mwenyewe amelitaja", simu zikaanza kuwa na majibu kama, "Mara tatu ni nyingi mama, ngoja nisome wenzangu waliandika nini." Hilo haliwezi kukaririwa, maana kila mteja ana lake.

Utatuzi una ugumu wa aina nyingine: rekodi haiujui. Rekodi inaishia pale simu inapokatwa, na tatizo linaweza kuisha au kurudi saa tano baadaye. Mama yule aliagana akisema asante. Mkaguzi anayesikiliza asante hiyo na kujaza "limetatuliwa" amepima hisia za dakika ya mwisho. Inabidi afungue tiketi asome kilichofanyika, kisha aangalie kama namba ile ilipiga tena kwa jambo lile lile ndani ya siku saba. Ndiyo maana haifai kukagua simu ya leo leo hii, kama unataka kujua kitu kuhusu utatuzi.

Na tatizo likirudi, bado si lazima kosa liwe la mhudumu. Pengine alifungua tiketi sahihi, watu wa hesabu wakaikalia. Pengine utaratibu wenyewe haumruhusu kurekebisha. Kadi nzuri huutenganisha utatuzi sehemu mbili: alichofanya mhudumu kwa uwezo aliopewa, na hicho ndicho kinachopewa alama, halafu kisanduku kisicho na alama, kinachosema tatizo lilikwama wapi, kwa mhudumu, kwenye utaratibu, kwenye mfumo au kwa mteja. Kisanduku hicho mara nyingi kina mengi ya kuwaambia mameneja kuliko alama zote, kwa kuwa kinaonyesha makosa ambayo mafunzo ya wahudumu hayawezi kuyaondoa.

Kuna jambo dogo la hesabu ambalo huleta manung'uniko: kipengele kisichohusika. Ikiwa mteja hakusubirishwa, alama 5 za kuomba ruhusa ziende wapi? Kumpa mhudumu 0 ni dhuluma, kumpa 5 ni zawadi. Ziondoe kwenye jumla. Aliyepata 85 kati ya 95 ana asilimia 89, si 85.

Kabla alama hazijagusa bonasi ya mtu, wakaguzi wasawazishwe. Wanapewa simu moja, kila mmoja anaijaza peke yake bila kuongea, halafu wanakaa pamoja kulinganisha. Usiangalie jumla tu. Wawili wanaweza kufikia 80 wote huku mmoja amekata usahihi na mwingine adabu. Pitieni kipengele kwa kipengele, na pale mnapotofautiana, mara nyingi utakuta maneno ya kipengele ndiyo yana mwanya. Rekebisheni maneno.

Hata hapo kadi ina mpaka wake. Mhudumu anayepokea simu 40 kwa siku, kwa siku 22 za kazi, amepokea 880. Mkaguzi anasikiliza tano. Nne zikipata 90 na moja 55, wastani ni 83. Ile moja ikiwa haikuchaguliwa, yuko kwenye 90. Tofauti hiyo ya alama saba imeletwa na bahati ya kuchagua, hasa kama mkaguzi hupenda simu fupi ili amalize kazi. Kwa hiyo simu zichaguliwe bila upendeleo, za siku na saa tofauti, na alama ya mwezi mmoja isitumike kupanga wahudumu wa kwanza hadi wa mwisho. Kosa la aina moja linalojirudia katika simu tatu kati ya tano lina uzito kuliko wastani wowote.

Mhudumu wa simu ya yule mama alikata rufaa, na ni haki yake. Alisema mteja hakutaja namba. Hatukubishana. Tukaweka spika za masikioni, tukarudisha rekodi dakika ya pili, tukaweka kioo cha akaunti mbele yake. Sauti ya mama ikasema, "inayoishia na 47." Akainamia kioo, akasoma 74, akaomba nirudishe tena. Kisha akauliza kama ile tiketi ya kuhamisha malipo ilishafunguliwa au aifungue yeye.