Uongozi wa gharama na utofautishaji: sigiri mbili za Kampala

Uongozi wa gharama ni kutengeneza bidhaa kwa gharama ndogo kuliko washindani wote. Utofautishaji ni kuipa bidhaa sifa ambayo mnunuzi yuko radhi kuilipia zaidi. Aliyezieneza njia hizi mbili kama chaguo la mkakati ni Michael Porter wa Harvard, mwaka 1980.

Tuchukue mafundi wawili wa sigiri, yaani jiko la mkaa, wanaouza Kampala. Hesabu hizi ni za mfano tu. Fundi wa kwanza, aliyeko Katwe, hutengeneza sigiri ya bati tupu. Ananunua mapipa chakavu kwa wingi, anakata kwa kipimo kimoja ili mabaki yawe machache, na kila kijana ana kazi yake: huyu anakata, yule anapiga ribiti. Sigiri moja inamgharimu shilingi 9,000 wakati jirani zake wanatumia 12,000. Wote wanauza 14,000.

Watu wengi hukosea hapa, wakidhani kuongoza kwa gharama ni kuuza rahisi. Bei yake ni ile ile ya wenzake. Faida yake ndiyo kubwa. Bei ikishuka hadi 11,000, yeye bado anabaki na 2,000, na jirani anapoteza 1,000 kwa kila sigiri. Anayeshusha bei bila kushusha gharama anakula mtaji wake. Lakini miguu ya sigiri ikianza kung'oka, wateja watamdai punguzo kubwa kuliko alichookoa.

Fundi wa pili anaweka ndani ya bati kikombe cha udongo uliochomwa, kinachotunza joto. Gharama yake ni 18,000, bei 30,000. Mama lishe anayechoma mkaa wa 2,000 kwa siku akitumia sasa wa 1,400, anaokoa 600 kila siku. Zile 16,000 alizoongeza zinarudi kwa siku 27 hivi. Kwa hiyo fundi huyu anapaswa kuuza kwa kumwonyesha mteja mkaa unaobaki, maana tofauti isiyoonekana hailipiwi.

Hatari yake ni kuogopa bei ya Katwe. Akitaka kuuza 20,000, atapunguza unene wa udongo au muda wa kuuchoma, na kikombe kitapasuka. Hapo sigiri yake itakula mkaa karibu kama ya bati, na bado itakuwa ghali kuliko ya bati. Porter aliita hali hiyo kukwama katikati. Dalili yake husikika mapema dukani: wateja wanaanza kuomba punguzo kabla hata ya kuuliza kuhusu mkaa. Dawa si kushusha bei tena. Arudi kwenye tanuru, achome udongo uive sawasawa, kisha awashe sigiri zote mbili mbele ya mteja kwa kiasi kile kile cha mkaa.