dx haigeuki du hivi hivi

Jumamosi iliyopita nilisahihisha madaftari 14 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowafundisha jioni hapa Kondele, Kisumu. Swali lilikuwa moja: ∫ dx/(1 + eˣ). Madaftari tisa yalikuwa na jibu lile lile, ln(1 + eˣ) + C. Mwanafunzi mmoja alikuja kunitetea jibu lake. "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba moja juu ya kitu ni logi ya hicho kitu?" Sikuwahi kufundisha hivyo, na sijui mwalimu yeyote aliyefundisha hivyo, lakini kila mwaka imani hiyo inaingia darasani kabla yangu.

Moja juu ya kitu huwa logi ya hicho kitu pale tu ambapo derivativu ya hicho kitu imekaa juu. Derivativu ya 1 + eˣ ni eˣ. Juu hapa kuna 1. Basi. Ukitafuta derivativu ya ln(1 + eˣ) unapata eˣ/(1 + eˣ), ambayo si tulichoulizwa. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Kinachoniudhi ni kingine. Saba kati ya wale tisa walikuwa wameanza vizuri kabisa. Waliandika u = eˣ, kisha mstari wa pili ukasoma ∫ du/(1 + u), na kutoka hapo ln(1 + u) ni sahihi. Kwa hiyo hawa hawakukosea kanuni ya logi hata kidogo. Walikosea kati ya mstari wa kwanza na wa pili, mahali ambapo hawakuandika chochote, pale dx ilipovuliwa ikavishwa jina la du kana kwamba ni kubadilisha herufi tu.

Tuandike basi huo mstari unaorukwa. Kama u = eˣ, du = eˣ dx. Lakini eˣ yenyewe ni u, kwa hiyo du = u dx, na dx = du/u. Hiyo u iliyo chini ndiyo kazi yote. x ikisogea kidogo, u inasogea mara u ya mwendo huo: karibu na x = 0 zinakwenda sawa, lakini karibu na x = 3 u inakimbia kama mara 20 kuliko x. Ukiandika du mahali pa dx umehesabu upana ambao haupo, na kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyozidi kuuhesabu.

Sasa swali letu linakuwa ∫ du/(u(1 + u)). Hii ni sehemu ya polinomia tupu, na ndiyo sababu ya kuchagua u = eˣ tangu mwanzo: kila kitu kilichojengwa kwa eˣ, e²ˣ, e⁻ˣ na kadhalika, kwa kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, kinageuka kuwa sehemu ya u, na sehemu ya u tunajua kuivunja. Hapa 1/(u(1 + u)) = 1/u − 1/(1 + u). Intigrali yake ni ln u − ln(1 + u) + C. Alama za thamani halisi hazihitajiki, kwa kuwa eˣ haiwezi kuwa sifuri wala hasi. Na ln u ni x. Jibu ni x − ln(1 + eˣ) + C.

Tazama kilichopotea kwa wale saba. Ile u iliyosahaulika ilikuwa imebeba x nzima pamoja na alama ya kutoa.

Huhitaji mwalimu ili ugundue kosa hili. Weka mipaka, tuseme kutoka x = 0 hadi x = ln 3. Kwa x = 0 kilichomo ndani ni 1/2; kwa x = ln 3 ni 1/4, na katikati kinashuka bila kupanda. Upana ni ln 3, takriban 1.099. Kwa hiyo eneo haliwezi kuzidi nusu ya 1.099, yaani 0.549. Jibu la wale tisa linatoa ln 4 − ln 2 = ln 2, takriban 0.693. Eneo limekuwa kubwa kuliko mstatili unaolizunguka! Jibu sahihi, mipaka ikiwa imegeuzwa kuwa u = 1 hadi u = 3, ni (ln 3 − ln 4) − (ln 1 − ln 2) = ln 1.5, takriban 0.405, na linakaa ndani ya mstatili vizuri. Asiyegeuza mipaka akaacha 0 na ln 3 kwenye u atakutana na ln 0, na hapo hesabu yenyewe itamkataza kuendelea.

Kosa hilo hilo hujificha zaidi kwenye ∫ e²ˣ/(1 + eˣ) dx. Juu kunakuwa u² (si 2u, tafadhali), lakini ile du/u inakula u moja, na kinachobaki ni ∫ u/(1 + u) du, yaani eˣ − ln(1 + eˣ) + C. Anayesahau kugawanya anabaki na u² juu, anafanya mgawanyo mrefu bila kosa hata moja, na anapata jibu refu lisilo sahihi. Huyo namhurumia kuliko wengine.

Kuna mambo mawili ambayo siyafundishi kwa moyo mweupe. La kwanza ni huku kuigawanya du kwa u kana kwamba ni namba. Leibniz alianza kuandika ∫ mwaka 1675, na alama zake zimepangwa vizuri kiasi kwamba hesabu hii inafanya kazi, lakini kinachoihalalisha ni kanuni ya mnyororo, si ugawanyaji wa vitu viwili visivyo namba. Darasani naandika dx = du/u na kuendelea. Kila mara najiuliza kama haraka hiyo ndiyo inayowafanya waone dx kuwa pambo la mwisho wa mstari, ambalo halina uzito.

La pili ni ile C. Chukua ∫ dx/(eˣ − 1). Kwa njia ile ile tunapata 1/(u(u − 1)) = 1/(u − 1) − 1/u, na jibu ni ln|eˣ − 1| − x + C. Hapa thamani halisi inahitajika, kwa sababu eˣ − 1 ni hasi x ikiwa chini ya sifuri. Lakini pale x = 0 kuna ufa: kilichomo ndani hakina thamani, na kushoto na kulia ni vipande viwili visivyogusana. Kila kipande kina haki ya C yake. Naandika C moja ubaoni, kama vitabu vingi vinavyofanya, na najua siyo kweli yote. Mwaka jana mwanafunzi aliweka mipaka −1 na 1 kwenye jibu hilo. Juu alipata ln(e − 1) − 1, chini ln(1 − 1/e) + 1, ambayo ni ln(e − 1). Alitoa, akapata −1 kamili, akapiga mstari chini yake mara mbili. Hakuna hatua ya hesabu aliyokosea, na intigrali hiyo haipo, kwa kuwa eneo upande wa kulia wa sifuri peke yake halina mwisho. Nilimwonyesha ufa huo kwenye grafu. Aliniuliza kwa nini sikuuchora siku ile nilipoandika ile C.