Maziwa Si Maji ya Chumvi

Nimesahihisha karatasi nyingine ya mwanafunzi ambamo maziwa yamewekwa kundi moja na maji ya chumvi, yaani la michanganyiko sawia, ile ambayo kila sehemu yake ni sawa na nyingine, kwa hoja kwamba "yote ni meupe na hakuna kinachoonekana kuelea". Kwa hoja hiyo, hata chokaa ya ukutani ingekuwa na sifa hiyo ikikorogwa vizuri.

Makundi mengine hayanisumbui. Sufuria ya alumini ni karibu elementi tupu. Sukari ni kampaundi, kwa kuwa kaboni, hidrojeni na oksijeni zimeungana humo kikemia kwa uwiano usiobadilika. Kachumbari ni mchanganyiko usio sawia, na sijaona anayelibishia hilo.

Tatizo ni maziwa. Chukua bilauri mbili za maji safi. Katika ya kwanza koroga kijiko cha chumvi mpaka kiyeyuke chote, na katika ya pili dondosha matone machache tu ya maziwa. Zima taa, kisha mulika kila bilauri kwa tochi kutoka ubavuni. Ndani ya maji ya chumvi njia ya mwanga karibu haionekani, kwa sababu ayoni za sodiamu na kloridi ni ndogo mno kuweza kuutawanya mwanga kiasi cha kuonekana. Ndani ya bilauri ya pili utaona mkanda mweupe wa mwanga, kwa kuwa vitone vya mafuta na chembe za protini ya kaseini ni vikubwa vya kutosha kuutawanya. Iwapo maji ya chumvi nayo yataonyesha ukungu, usikimbilie kuilaumu kemia: huenda chumvi ilikuwa na uchafu. Yaache yatulie, uyachuje, kisha umulike tena.

Wapo wanaokamua ndimu ndani ya maziwa, yakagandana, nao wakadhani wamethibitisha jambo. Asidi huzifanya chembe za kaseini zishikamane, kwa hiyo mabonge unayoyaona umeyatengeneza mwenyewe, hayakuwamo. Ushahidi mwema zaidi ni maziwa mabichi yaliyoachwa usiku kucha, ambayo hupandisha malai juu bila kuongezewa chochote. Maziwa ya pakiti hayafanyi hivyo upesi, kwa sababu kiwandani vitone vya mafuta huvunjwa vikawa vidogo zaidi, lakini kuvunjwa si kuyeyuka.

Hapa nakiri kwamba sina raha kamili na visanduku viwili vya vitabuni, sawia na isiyo sawia. Maziwa yaliyoondolewa mafuta yote hubaki na kaseini, ambayo haizami wala haielei kwa siku nyingi. Jicho huona kitu kimoja, tochi huona zaidi ya kimoja. Wanakemia huyaita koloidi, na mpaka wa ukubwa wa chembe unaotenganisha koloidi na mmumunyo kama maji ya chumvi umewekwa kwa makubaliano ya watu. Mimi huyaweka upande wa michanganyiko isiyo sawia, lakini mwanafunzi akiandika "sawia kwa macho, si sawia chini ya hadubini", nitampa alama zote.