Piramidi ya watu haisomwi kama grafu ya tabianchi

Grafu ya tabianchi inachora mwaka wa mahali: pau ni mvua ya kila mwezi kwa milimita, mstari ni joto kwa nyuzi za Selsiasi, na vyote ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Piramidi ya watu inachora wakazi wote wa mahali kama walivyokuwa siku moja, mara nyingi siku ya sensa. Wanaume wako kushoto, wanawake kulia, watoto wa miaka 0 hadi 4 chini kabisa na wazee juu, kwa makundi ya miaka mitano mitano. Maana ni hiyo tu. Makosa huanza michoro hii miwili inapowekwa ukurasa mmoja na kusomwa kwa namna moja.

Grafu ya Dodoma unaweza kuifuata kwa kidole. Pau ni ndefu kuanzia Desemba hadi Machi, zinafupika Aprili, na kuanzia Juni hadi Septemba karibu hakuna kitu. Ukisema mvua imekatika uko sawa, kwa sababu mhimili wa chini ni wakati wenyewe, mwezi baada ya mwezi.

Sasa kidole hicho hicho kinapandishwa kwenye piramidi ya Tanzania, na hapo ndipo linapokuja jibu ambalo wanafunzi huliandika kila mwaka: "Kitako ni kipana na ncha ni nyembamba, kwa hiyo watu wengi hufa wakiwa wadogo." Anayeandika hivyo anadhani walioko kwenye pau ya 20 hadi 24 ni mabaki ya walioko kwenye pau ya 0 hadi 4. Sivyo. Ni watu tofauti, waliozaliwa miaka 20 kabla, wakati nchi ilikuwa na wazazi wachache zaidi na kwa hiyo watoto wachache zaidi. Wembamba wa juu unaweza kutokea bila kifo hata kimoja.

Hesabu yake ni fupi. Tubuni nchi ambayo hakuna afaye kabla ya miaka 80 na hakuna ahamaye, ila idadi ya watoto wanaozaliwa hukua kwa asilimia 3 kila mwaka. Kwa kila watoto 100 wa miaka 0 hadi 4, utakuta watu kama 55 wa miaka 20 hadi 24, kama 31 wa miaka 40 hadi 44, na kama 17 wa miaka 60 hadi 64. Chora pau hizo: unapata piramidi kamili, kitako kipana na ncha nyembamba, katika nchi isiyo na msiba wa kijana. Na kasi hiyo si ya ajabu. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Tanzania waliongezeka kutoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka. Vifo vipo, na hubana zaidi pau za wazee, lakini umbo lile kwa sehemu kubwa limejengwa na uzazi.

Japani inathibitisha jambo hilo kutoka upande wa pili. Kitako chake ni chembamba kuliko kiuno, na hakuna anayesema ni kwa sababu watoto wa Kijapani wanakufa. Wanazaliwa wachache. Kule Katari nako pau za wanaume wa umri wa kazi zimetokeza mbali sana kushoto, bila upande wa wanawake kulingana nazo. Hao wengi wao walifika wakiwa watu wazima, kutafuta kazi.

Anayetaka kuona vifo anahitaji piramidi mbili. Achukue pau ya miaka 0 hadi 4 ya sensa ya Agosti 2012, kisha pau ya miaka 10 hadi 14 ya Agosti 2022: hapo ndipo kundi rika ni lile lile. Alinganishe idadi, asilinganishe asilimia, maana asilimia hupungua hata kama hakuna aliyeondoka, jumla ya nchi ikikua. Na pengo atakaloliona asiliite vifo vyote, kwa kuwa ndani yake wamo waliohama, na watoto wachanga ambao mara nyingi husahaulika kuhesabiwa wanaweza kulificha pengo lenyewe.

Kwa hiyo chini ya picha ya piramidi moja yenye kitako kipana, sentensi salama ni hii: "Watoto wanaozaliwa ni wengi, na kila kundi linalozaliwa ni kubwa kuliko lililotangulia." Habari ya vifo iandikwe pale tu takwimu za vifo zipo mezani.