Masharti ya kurudisha bidhaa: namna ya kuyaandika yaeleweke bila kumtisha mteja

Masharti ya kurudisha bidhaa husomwa mara mbili. Kwanza huyasoma mtu ambaye bado hajalipa, anayetaka kujua kama viatu vikimbana ataweza kuvirudisha. Baadaye huyasoma mtu yule yule akiwa amekwisha kulipa, mzigo umefika, na kuna jambo halijakaa sawa. Lakini muuzaji mdogo wa mtandaoni, anapokaa kuandika, mara nyingi huwa anamfikiria mtu mwingine kabisa: yule mteja mmoja aliyemsumbua. Maneno yanayomlenga huyo ndiyo wanayokuja kuyasoma wateja wengine wote.

Tuchukue duka dogo la viatu linalouza kupitia mtandao. Ukurasa wake una tangazo hili, la aina tunayokutana nayo kila mara tunaposhughulikia malalamiko ya wanunuzi:

> BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kubadilisha ni ndani ya siku 7 tu, bidhaa ikiwa katika hali yake ya awali. Hatuhusiki na gharama yoyote ya usafiri. Atakayekiuka utaratibu hatasikilizwa. Uamuzi wetu ni wa mwisho.

Tangazo ni kali, na bado halimlindi muuzaji. Sentensi ya kwanza inakataa kila kitu, ya pili inakubali nusu. Siku 7 zinahesabiwa tangu lini: siku ya kulipa, siku mzigo ulipotumwa, au siku ulipopokelewa? Hali ya awali ni ipi? Aliyevaa viatu sebuleni kwa dakika tano ameivuruga? Na muuzaji akituma saizi 38 badala ya 40, gharama ya kurudisha bado ni ya mnunuzi? Maswali haya ndiyo yanayozaa ugomvi, na tangazo limeyaacha wazi. Ukali umechukua nafasi ya maelezo.

Mtu anaweza kuweka sharti gumu kwa lugha ya kawaida kabisa. "Una siku 7 za kutuarifu" ni sharti gumu kama "siku 7 tu, zaidi ya hapo usitusumbue", ila la kwanza linamweleza mteja la kufanya na la pili linamwambia anavyodhaniwa. Kwa hiyo kulegeza lugha hakukulazimishi kulegeza masharti.

Kazi ya kwanza ni kutenganisha sababu za kurudisha. Kuna bidhaa inayorudi kwa kosa la muuzaji au kwa ubovu: saizi si iliyoagizwa, rangi si ile ya kwenye picha, soli imebanduka. Na kuna inayorudi kwa sababu mnunuzi amebadili nia au saizi aliyoichagua mwenyewe haikumfaa. Haya ni mambo mawili yenye haki tofauti, na masharti yanayoyachanganya humwonea mmojawapo. Kwa kosa la kwanza, muuzaji hubeba gharama zote. Kwa la pili, ana uhuru mkubwa zaidi wa kupanga, kwa kiasi ambacho sheria ya mahali anapouza inamruhusu.

Hapo kwenye sheria pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Katika nchi nyingi, haki ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu inatoka kwenye sheria, na tangazo la muuzaji haliwezi kuifuta. Kuandika "hakuna kurejesha fedha kwa sababu yoyote" hakumwondolei muuzaji wajibu huo. Kunampa tu mnunuzi picha isiyo ya kweli kuhusu haki zake. Baadhi ya sheria huenda mbali zaidi kwa mauzo ya mtandaoni. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 linampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu apokee mzigo za kubadili nia bila kutoa sababu, ingawa zipo bidhaa zisizohusika. Muuzaji asipomwarifu kuhusu haki hiyo, muda wake hurefuka kwa miezi 12. Na asipomweleza mapema kwamba gharama ya kurudisha ni ya mnunuzi, gharama hiyo inabaki kwake mwenyewe. Kabla ya kuandika neno lolote, basi, tafuta sheria inayokuhusu inasema nini, kisha andika masharti yasiyopungua hapo.

Baada ya sababu zinakuja siku, na hapa ndipo ninapoomba umakini zaidi. Muda wowote ulioandikwa unahitaji mwanzo, mwisho, na tendo linalopaswa kuwa limefanyika kabla ya mwisho huo. "Ndani ya siku 7" haina hata kimoja. Je, ndani ya siku hizo mteja awe ametuma ujumbe, amekabidhi mzigo kwa msafirishaji, au mzigo uwe umefika dukani? Anayeishi mbali anaweza kufanya kila kitu upesi na bado achelewe kwa sababu ya safari ya mzigo. Ni haki zaidi kumhesabia yale yaliyo mikononi mwake: kutoa taarifa, kisha kutuma.

Tuseme viatu vimepokelewa Jumanne tarehe 3. Masharti yanasema siku ya kwanza ni ile inayofuata siku ya kupokea, na mteja anatakiwa kutuma ujumbe kabla ya siku ya 7 kwisha. Siku ya kwanza ni Jumatano tarehe 4, ya saba ni Jumanne tarehe 10. Akiandika usiku wa tarehe 10, amewahi. Duka linamjibu Jumatano tarehe 11 na kumpa anwani. Masharti yanampa siku 5 baada ya jibu hilo kukabidhi mzigo kwa msafirishaji, yaani hadi Jumatatu tarehe 16. Mzigo unafika dukani Alhamisi tarehe 19. Duka limeahidi kutuma fedha ndani ya siku 5 baada ya kuupokea, kwa hiyo mwisho wake ni Jumanne tarehe 24. Mfano kama huu ukiwekwa chini ya masharti humaliza mabishano mengi. Angalia pia kwamba muuzaji naye amejiwekea tarehe. Masharti yanayompa mteja saa na siku, halafu yakamwambia muuzaji "haraka iwezekanavyo", husomeka kama ya upande mmoja, hata yakiandikwa kwa upole wote.

Usiufungie ubovu ndani ya siku hizo 7. Soli yenye gundi mbaya inaweza kubanduka wiki ya tatu, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuijua mapema. Siku 7 ni za mtu aliyebadili nia. Kwa ubovu, mwombe aandike mara anapouona na atume picha.

"Hali ya awali" iache kabisa. Badala yake taja utakachokagua ukifungua mzigo: soli zisiwe na alama za kutembelewa nje, lebo iwepo, boksi la viatu liwepo. Sema wazi kwamba kujaribu ndani ya nyumba kunaruhusiwa, kwa sababu mnunuzi wa mtandaoni hana njia nyingine ya kujua kama kiatu kinamkaa. Na ukitaka boksi lirudi, onya mapema lisibandikwe karatasi ya anwani moja kwa moja. Wengi hulifanya ndilo kifungashio cha nje bila nia mbaya.

Kwenye fedha, mambo matatu yasemwe waziwazi: kiasi gani kinarudi, kwa njia gani, na nani analipia usafiri. Mteja anayesoma "utarejeshewa" anaelewa fedha; muuzaji pengine anamaanisha salio la kununulia kitu kingine dukani. Kama ni salio, andika salio. Kama kuna makato, yatajwe kabla ya kulipa, na usiyaweke kwa bidhaa mbovu. Pale fedha zinaporudi kupitia benki au kampuni ya malipo, eleza kwamba ahadi yako ni siku ya kuzituma, na kwamba zinaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana kwa mteja.

Kuna bidhaa zisizorudi mteja akibadili nia, na hilo si kosa. Hereni zilizokwisha kuvaliwa, nguo za ndani, kitu kilichokatwa kwa vipimo vya mtu. Weka sababu pembeni ya katazo: "kwa sababu za usafi" au "kwa kuwa hatuwezi kumuuzia mtu mwingine". Maneno machache hayo yanatosha kumwonyesha msomaji kwamba halengwi yeye. Katazo hilo liwekwe pia kwenye maelezo ya bidhaa yenyewe, karibu na kitufe cha kununua.

Kuhusu sauti ya maandishi, herufi kubwa zinazofululiza ziondoke, na vivyo hivyo "hatuhusiki" na "hatasikilizwa". Zungumza na mtu mmoja: "wewe" na "sisi". Lakini unyenyekevu uliopitiliza nao una hasara yake. Aya nzima ya kushukuru na kuomba radhi kabla ya sharti lenyewe humfanya msomaji mwenye haraka akose alichokuja kukitafuta. Anza na jibu.

Duka letu la viatu, mahali ambapo sheria inaliachia nafasi hiyo, lingeweza kuandika hivi:

> Viatu vikiwa na ubovu, au tukituma visivyo ulivyoagiza, tuandikie mara unapoona tatizo, pamoja na namba ya oda na picha. Chagua kubadilishiwa au kurudishiwa fedha zote. Usafiri tunalipa sisi.
>
> Ukibadili nia, au saizi uliyochagua isipokufaa, tuandikie ndani ya siku 7. Siku ya kwanza ni ile inayofuata siku uliyopokea mzigo. Tutakutumia anwani, nawe utakuwa na siku 5 za kukabidhi mzigo kwa msafirishaji. Usafiri wa kurudisha utalipa wewe.
>
> Jaribu viatu ndani ya nyumba. Tukivipokea tutaangalia kwamba soli hazina alama za kutembelewa nje, na kwamba lebo na boksi vipo. Tukiona tatizo tutakutumia picha kabla ya kuamua lolote.
>
> Tutatuma bei uliyolipia viatu ndani ya siku 5 baada ya kuvipokea, kwa njia ile ile uliyolipia. Masharti haya hayapunguzi haki unazopewa na sheria.

Ni marefu kuliko tangazo la kwanza, ila kila sentensi inajibu swali ambalo mteja angeliuliza kwa ujumbe. Sentensi ya picha ndiyo iliyochukua nafasi ya "uamuzi wetu ni wa mwisho". Duka bado linakagua na bado linaweza kukataa, lakini likikataa mteja ataona sababu kwa macho yake.

Kabla ya kuyachapisha, mpe mtu ambaye hajawahi kununua kwako ayasome mara moja, kisha muulize: viatu vimenibana, nimevipokea jana, nifanye nini na nani analipia usafiri? Akisita, sentensi hiyo irudie. Weka tarehe juu ya masharti na utunze nakala ya kila toleo, kwa kuwa ukibadilisha maneno mwezi ujao, mteja aliyenunua mwezi huu anaongozwa na yale aliyoyasoma siku aliyolipa.